Mvua ya Jana Inapobadilika Leo

Afrika Mashariki, siku ya mvua haianzi usiku wa manane. Huanza saa 3 asubuhi na kuisha saa 3 asubuhi ya kesho yake. Saa hiyo ndiyo mtunza kituo cha hali ya hewa anapofungua kipimamvua, anamimina maji kwenye mrija wenye mistari ya milimita, anasoma, anaandika na kumwaga. Namba aliyoiandika ni jumla ya saa 24 zilizopita. Ni jumuisho la siku lililofanywa na chombo chenyewe: maji yalikusanyika, yakasomwa mara moja, na hakuna aliyelazimika kujua kama yalinyesha mchana au usiku.

Vituo vinavyojiendesha vyenyewe vimegeuza utaratibu huo. Ndani ya kipimamvua cha aina hiyo kuna vijiko viwili vidogo vilivyounganishwa kama mbao za pembea. Kimoja kikijaa, kinapinduka na kumwaga maji, kingine kinakaa mahali pake, na sumaku iliyo pembeni inahesabu. Katika vipimamvua vingi mpinduko mmoja ni milimita 0.2 za mvua. Kila robo saa kituo kinatuma kwa laini ya simu idadi ya mipinduko iliyotokea, hata kama ni sifuri. Hiyo ni safu 96 za data kwa siku, badala ya namba moja ya mtunza kituo.

Mkulima, mhandisi wa bwawa au mwandishi wa habari hataki kuona safu 96. Anataka kujua mvua ya saa moja iliyopita, mvua ya jana, labda ya siku kumi. Kwa hiyo kompyuta inajumlisha kwa ratiba: kila saa inatengeneza jumla ya saa, kila siku inatengeneza jumla ya siku, na jumla hizo zinahifadhiwa kwenye majedwali yake ili ripoti isilazimike kupekua data ghafi kila inapofunguliwa. Haya ndiyo majumuisho ninayoyazungumzia. Kuyatengeneza mara ya kwanza ni kazi ya alasiri moja. Shida inaanza pale data ghafi inapobadilika baada ya jumla kuandikwa, na data ya mvua hubadilika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Tuchukue kituo cha mfano, tukiweke kwenye miinuko ya Lushoto, katikati ya masika. Tarehe ni 14 Aprili. Saa 4:15 asubuhi kijiko kinapinduka mara 40 ndani ya robo saa moja. Alasiri, kati ya saa 9 na saa 10, mvua inanyesha na robo saa nne zinaleta mipinduko 12, 31, 20 na 7. Saa inayofuata inaleta 17. Usiku, kuanzia saa 8 hadi saa 11 alfajiri, mtandao wa simu unakatika na kituo hakitumi kitu, ingawa kinaendelea kuhesabu na kuhifadhi kwenye kumbukumbu yake. Asubuhi ya tarehe 15, saa 3:10, kompyuta ya ofisini inafunga hesabu ya siku: mipinduko 127, yaani milimita 25.4.

Kwa nini saa 3:10 na si saa 3 kamili? Kwa sababu kipimo cha robo saa ya mwisho hutumwa robo hiyo inapokwisha, na kinaweza kuchelewa njiani dakika kadhaa. Ratiba ikiamka saa 3 kamili, itajumlisha saa isiyokamilika. Kwenye seva za Linux ratiba hiyo huandikwa `10 * * * *`, maana yake dakika ya kumi ya kila saa. Kazi ya siku nayo isiamke dakika hiyohiyo kivyake, kwani inasoma jumla za saa ambazo huenda bado zinaandikwa. Njia salama ni kuziweka kazi hizo mbili kwenye programu moja, saa kwanza, siku baadaye.

Kuna mitego miwili ya wakati ambayo ni bora kuimaliza mapema. Kipimo cha robo saa hupewa muhuri wa wakati, lakini vituo vingine hupiga muhuri wa mwanzo wa robo na vingine wa mwisho. Ukichanganya, robo ya mwisho ya kila saa itaangukia saa inayofuata, na jumla ya siku itakuwa imepotoka kidogo kila siku bila mtu kushtuka. Katika mfano wetu muhuri ni wa mwanzo. Mtego wa pili ni siku yenyewe. Hifadhidata nyingi huweka wakati kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiiachia kompyuta ikate siku kwa desturi yake, itakata saa 9 usiku, katikati kabisa ya ile mvua ya Lushoto. Katika PostgreSQL siku ya mvua hupatikana kwa kugeuza wakati kuwa wa hapa, kuurudisha nyuma saa tisa, kisha kuchukua tarehe:

```sql
((saa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')
   - interval '9 hours')::date
```

Saa 8 usiku ya tarehe 15, ikirudishwa nyuma saa tisa, inaangukia jioni ya tarehe 14. Ndipo ilipo siku yake ya mvua. Baadhi ya ofisi huiita siku hiyo kwa tarehe ya kusomwa badala ya tarehe ya kuanza. Yote mawili yanakubalika, mradi uamuzi uandikwe na usibadilishwe katikati ya mwaka.

Turudi kwenye milimita 25.4. Namba hiyo ina kasoro, na ofisi inaweza kuijua kasoro hiyo asubuhi ileile ikiwa pamoja na jumla imehifadhi kitu kimoja zaidi: idadi ya vipimo vilivyotumika. Saa tatu zilizokosekana ni vipimo 12, kwa hiyo jumla imetokana na vipimo 84 badala ya 96. Bila hesabu hiyo, saa ambayo mvua haikunyesha na saa ambayo kituo kilikuwa kimya zinafanana kabisa machoni pa msomaji, na hapo ndipo ukame wa uongo unapozaliwa kwenye takwimu. Sifuri ni kipimo. Ukimya si kipimo, na jedwali liuache wazi.

Idadi hiyo ina faida nyingine kwa vitu visivyojumlishwa, kama joto. Ukihifadhi wastani wa kila saa peke yake, halafu ukatafuta wastani wa wastani hizo, saa yenye kipimo kimoja inapata uzito sawa na saa yenye vipimo vinne. Vipimo vinne vya nyuzi 20 na kimoja cha nyuzi 30 vina wastani wa nyuzi 22. Wastani wa wastani mbili unakwambia 25. Dawa yake ni kuhifadhi jumla na idadi, na kugawanya mwishoni tu, mtu anapoomba wastani.

Tarehe 15 inafika saa 6 mchana. Kituo kinatuma vipimo 12 vya usiku vilivyokuwa vimekwama, na ndani yake kuna mipinduko 58, sawa na milimita 11.6. Jumla ya kweli ya vipimo vilivyopo sasa ni 37.0. Je, jedwali la siku litajua?

Mifumo mingi hujibu swali hili kwa dirisha la kurudi nyuma. Kila kazi inapoamka, haijumlishi saa iliyopita peke yake, bali inarudia saa zote za siku tatu zilizopita. Kwa kukatika kwa mtandao, njia hii inatosha na ninaipenda kwa sababu ni rahisi kueleza: kwenye mzunguko wa saa 6:10 mchana, vipimo vya usiku vinaingia, siku inakuwa 37.0, vipimo 96 kati ya 96. Kila kitu kinaonekana kimekamilika.

Ila zile mara 40 za saa 4:15 asubuhi hazikuwa mvua. Siku hiyo fundi alifika kituoni, akatoa majani yaliyoziba mdomo wa kipimamvua, na akamimina maji kuhakikisha vijiko vinabembea sawasawa. Aliandika kwenye fomu yake: anga kavu, maji ya majaribio. Fomu ikafika ofisini tarehe 28 Aprili, wiki mbili baadaye. Karani anasahihisha kipimo hicho kutoka 40 kuwa 0, akihifadhi namba ya awali pembeni pamoja na sababu ya kuibadilisha. Kazi ya ratiba inaamka baada ya dakika chache, inarudia siku zake tatu, haigusi tarehe 14, na milimita 37.0 inabaki pale ilipo. Data ghafi sasa inasema 29.0. Jedwali la siku linasema 37.0, likiwa na vipimo 96 kamili na bila dalili yoyote ya tatizo.

Kishawishi cha kwanza cha mtu mwenye haraka ni kutoa tu: 37.0 punguza 8.0. Hesabu ni sahihi, lakini njia ni mbovu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi hiyo ikikatika umeme ukiwa umezimika, kisha ikarudiwa, itatoa mara mbili, na hakuna atakayeweza kujua kwa kuitazama namba. Ya pili inaonekana ukitazama mvua kali zaidi ya robo saa, namba ambayo wahandisi wa mifereji huihitaji kuliko jumla ya siku. Kabla ya sahihisho, robo kali zaidi ya tarehe 14 ilikuwa ile ya maji ya fundi, milimita 8.0. Ukiiondoa, ya pili ni ipi? Jumuisho halijui. Linakumbuka iliyo kubwa tu, si zilizoifuata. Lazima urudi kwenye vipimo ghafi ndipo uikute robo ya alasiri yenye mipinduko 31, yaani milimita 6.2.

Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni hii: jumuisho halirekebishwi, linatengenezwa upya kutoka data ghafi. Saa iliyoguswa inahesabiwa yote tangu mwanzo na matokeo yanaandikwa juu ya yale ya zamani. Ukiirudia kazi mara kumi, jibu ni lilelile. Kazi inayoweza kurudiwa bila madhara haimtishi mtu saa 9 usiku seva inapozimika. Inawashwa tena, basi.

Kinachobaki ni kujua saa zipi za kurudiwa. Badala ya dirisha la kukisia, hifadhidata yenyewe iweke alama. Kila kipimo kinapoingizwa, kubadilishwa au kufutwa, safu moja inaandikwa kwenye jedwali dogo la saa za kurudiwa: kituo fulani, saa fulani. Alama iandikwe ndani ya muamala uleule wa sahihisho, ili visiweze kutengana; ama vyote viwili vimeingia, ama hakuna kilichoingia. Kazi ya ratiba haiulizi tena ni saa ngapi zimepita. Inasoma alama, inazifuta, na inahesabu upya saa hizo peke yake, ziwe za jana au za mwaka juzi:

```sql
WITH alama AS (
  DELETE FROM saa_za_kurudiwa RETURNING kituo, saa
)
INSERT INTO mvua_saa (kituo, saa, jumla, kubwa, idadi)
SELECT a.kituo, a.saa, sum(v.mipinduko),
       max(v.mipinduko), count(v.mipinduko)
FROM (SELECT DISTINCT kituo, saa FROM alama) a
LEFT JOIN vipimo v ON v.kituo = a.kituo
  AND v.wakati >= a.saa
  AND v.wakati <  a.saa + interval '1 hour'
GROUP BY a.kituo, a.saa
ON CONFLICT (kituo, saa) DO UPDATE
SET jumla = EXCLUDED.jumla,
    kubwa = EXCLUDED.kubwa,
    idadi = EXCLUDED.idadi;
```

Mistari michache humu ina sababu zake. `LEFT JOIN` ipo kwa ajili ya saa ambayo vipimo vyake vyote vimefutwa. Ukitumia `JOIN` ya kawaida, saa hiyo haitoi safu yoyote, hakuna kitakachoandikwa juu ya namba ya zamani, na mvua iliyofutwa itaendelea kuishi kwenye ripoti. Kwa `LEFT JOIN` jumla inakuwa tupu na idadi inakuwa 0, kama inavyopaswa. Kinachohifadhiwa ni mipinduko, si milimita. Siku kipimamvua kikipimwa upya na kugundulika kwamba mpinduko wake ni milimita 0.19, unabadilisha kizidisho mahali pamoja, kwa tarehe zinazohusika, na hesabu ghafi haiguswi.

Jedwali la alama liachwe likubali kurudia. Wajenzi wengi huweka sharti kwamba kila saa ionekane humo mara moja tu, kwa nia njema ya kuokoa nafasi, na sharti hilo hufungua mwanya. Karani anasahihisha kipimo. Alama ya saa hiyo tayari ipo, kwa hiyo hifadhidata haiongezi nyingine. Kabla muamala wake haujakamilika, kazi ya ratiba inaichukua alama ile ya zamani, inahesabu kwa vipimo vya zamani na kuifuta. Sekunde moja baadaye sahihisho linakamilika, na hakuna alama iliyobaki ya kulisemea. Kila sahihisho likiwa na alama yake, ya karani inabaki ikisubiri mzunguko unaofuata. `DISTINCT` inashughulikia marudio. Kwa hofu hiyohiyo, kazi mbili za kujumlisha zisiruhusiwe kukimbia pamoja, kwani ile iliyoanza mapema na kuchelewa kumaliza inaweza kuandika jibu la zamani juu ya jibu jipya.

Sahihisho la saa iliyopotoka linahitaji uangalifu wa pekee. Ikigundulika kwamba kituo kilikuwa kikitumia wakati wa dunia huku ofisi ikidhani ni wa hapa, kila kipimo kinasogezwa saa tatu. Alama ziwekwe kwa saa kilikotoka na saa kinakokwenda. Ukiweka alama ya kinakokwenda peke yake, mvua ileile itahesabiwa mara mbili, kwenye kivuli chake cha zamani na mahali pake papya.

Baada ya saa, zamu ya siku. Kila saa iliyohesabiwa upya inaichafua siku yake ya mvua, na siku inajumlishwa upya kutoka saa zake 24 kwa mtindo uleule. Tarehe 28 Aprili, kwa njia hii, sahihisho la karani linaacha alama moja: saa 4 asubuhi ya tarehe 14. Saa hiyo inashuka kutoka mipinduko 40 hadi 0. Siku inashuka kutoka 185 hadi 145, yaani milimita 29.0, na robo kali zaidi inakuwa milimita 6.2. Jumuisho la siku kumi, kama lipo, linafuata. Saa nyingine zote za kituo hazikuguswa.

Wanaotumia TimescaleDB, nyongeza ya PostgreSQL kwa data za wakati, hupata utaratibu wa aina hii ukiwa tayari. Mfumo unaandika vipindi vilivyobadilika kwenye kumbukumbu yake na kuvihesabu upya kwa ratiba. Lakini ratiba ina mipaka, `start_offset` na `end_offset`, na sahihisho lililo nyuma zaidi ya `start_offset` linabaki limewekewa alama bila kuhesabiwa mpaka mtu aagize kwa mkono. Ukiweka siku tatu, umerudi kulekule kwenye dirisha letu. RRDtool, chombo kilichotolewa mwaka 1999 na Tobi Oetiker na kutumika sana kuchora hali za mitandao ya kompyuta, kinakwenda mbali zaidi: hakipokei kabisa kipimo chenye wakati ulio nyuma ya kile cha mwisho kilichoingia. Kwa grafu ya msongamano wa intaneti ni uamuzi wa busara. Kwa mvua haufai.

Jambo la mwisho ni uhai wa data ghafi, na hapa ndipo nimeona wajenzi wazuri wakijikata. Ili kuokoa nafasi, mfumo unaagizwa kufuta vipimo vya zamani zaidi ya, tuseme, siku 90, na kubaki na majumuisho. Halafu mtu anaagiza majumuisho ya mwaka mzima yahesabiwe upya. Kazi inatii: inatafuta vipimo vya Januari, haivikuti, na kwa uaminifu kamili inaandika utupu juu ya jumla zilizokuwa sahihi. TimescaleDB nayo itafanya hivyo ukiiacha ihuishe kipindi ambacho data yake ghafi imeshafutwa. Kwa hiyo mipaka miwili ikae pamoja kwenye programu: tarehe ya kufuta, na tarehe ambayo nyuma yake hakuna kuhesabu upya wala kupokea sahihisho. Ya pili isiwe nyuma ya ya kwanza hata kwa siku moja.

Kwa mvua, ushauri wangu ni kutofuta kabisa. Vipimo 96 kwa siku ni 35,040 kwa mwaka. Vituo mia moja havifiki safu milioni nne kwa mwaka, mzigo ambao kompyuta ya kawaida ya ofisi inaubeba bila kuhema. Kufuta ni kwa wale wanaopima kila sekunde, ambako chombo kimoja kinatoa safu 86,400 kwa siku.

Hata mfumo ulioandikwa kwa uangalifu unahitaji kukaguliwa, kwa sababu jumla iliyokosewa haitoi mlio. Ukaguzi wenyewe ni mfupi. Mara moja kwa wiki, kazi nyingine ichague siku kadhaa bila mpangilio, za karibuni na za zamani, izijumlishe moja kwa moja kutoka vipimo ghafi na kulinganisha na jedwali. Tofauti inayokubalika ni sifuri kamili, maana tunahesabu mipinduko, si desimali. Pale ambapo kituo kina pia kipimamvua cha mkono, namba ya mtunza kituo ya saa 3 asubuhi ni shahidi wa pili, ingawa viwili hivyo havilingani kabisa: kwenye mvua kubwa vijiko hupoteza matone wakati vinapopinduka.

Na kwa kuwa 25.4, 37.0 na 29.0 zote ziliwahi kuwa jibu la ofisi kwa siku moja, jedwali la siku liwe na safu ya wakati wa kukokotolewa, na namba za awali zihifadhiwe badala ya kupotea. Mhandisi aliyefungua lango la bwawa kwa kutegemea 37.0 ana haki ya kuonyeshwa kwamba ndiyo namba aliyopewa, na kuarifiwa ilipobadilika. Nawe msomaji, ukipewa jumla ya mvua ya siku, iwe kwa shamba, kwa bima ya mazao au kwa habari ya gazeti, uliza mambo mawili kabla ya kuitumia: imekokotolewa lini, na kwa vipimo vingapi kati ya 96.